Gari la usiku: swali moja la dodoso, kutoka karatasi hadi getini

Katika hoteli nyingi za Pwani, wafanyakazi huletewa dodoso la maswali 60, hujaza, kisha hawasikii kitu tena. Mwaka unaofuata nusu yao hawajazi, na waliobaki wanaweka alama ya "nakubali" kuanzia juu hadi chini ili warudi kazini. Hapa nitafuata swali moja tu, tangu linapoandikwa hadi mfanyakazi anapoona kitu kimebadilika, kwa sababu makosa karibu yote hujitokeza katika safari hiyo.

Tuchukue mfano wa hoteli ya ufukweni Nyali, Mombasa, yenye wafanyakazi 120, vibarua wakiwemo. Takwimu nitakazotumia ni za mfano.

Uongozi unataka kujua kama watu wameridhika, na rasimu ya kwanza inasema: "Hoteli inanijali na inanipatia usafiri mzuri na marupurupu ya kutosha." Hayo ni maswali matatu ndani ya sentensi moja. Anayeridhika na usafiri lakini si na marupurupu hana pa kuweka alama, na wewe unayesoma majibu hujui alijibu lipi. Kabla swali halijaingia kwenye dodoso, mimi huandika pembeni jina la cheo kitakachoshughulikia jibu baya, na kama fungu la fedha lipo. Swali lisilo na mwenyewe hulifuta. Kwa njia hiyo maswali 60 hushuka hadi 20 hivi, ambayo mtu huyamaliza kwa dakika 10 wakati wa mapumziko.

Sentensi yetu ikawa: "Nikimaliza zamu ya usiku, nina njia salama ya kufika nyumbani." Chini yake kuna mizani ya alama tano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", na kisanduku cha sita kando: "hainihusu". Kisanduku hicho ndicho wengi husahau. Mtunza bustani anayetoka saa kumi jioni atafanya nini asipokiona? Ataweka "nakubali", maana yeye anafika nyumbani salama.

Andika kwa Kiswahili cha kawaida, kisha mpe mtu wa kufua nguo na mtu wa jikoni wakusomee kwa sauti na wakueleze walichoelewa. Watu watano wanatosha kuonyesha sentensi iliyopinda.

Kuhusu siri, kuandika "majibu yako ni ya siri" juu ya karatasi hakumshawishi mtu. Sanduku liwekwe kantini ya wafanyakazi, si mlangoni mwa ofisi ya rasilimali watu, na mkuu wa idara asikusanye karatasi kwa mkono wake. Maoni ya kuandika yapigwe chapa upya kabla ya kusomwa na uongozi, kwa sababu mwandiko hutambulika. Usiulize idara, umri, jinsia na miaka ya kazi kwa pamoja: mwanamke mmoja mwenye miaka 12 kazini kwenye idara ya ulinzi umeshamtaja bila kuandika jina lake. Mimi huuliza idara peke yake.

Kisha weka kikomo: kundi lenye majibu chini ya manane halipewi takwimu zake. Hapa kuna mtego. Mapokezi wamejibu watu sita, ukawaficha, lakini ukatangaza jumla ya hoteli na idara nyingine zote. Mtu yeyote mwenye kalamu atatoa idara hizo kwenye jumla na kuwapata wale sita. Dawa ni kuwaunganisha na kundi jingine, kwa mfano walinzi, na kulitangaza kundi hilo kama moja.

Wakati nao una neno. Agosti na Desemba hoteli zimejaa na hakuna anayekaa kitako. Mwezi wa Ramadhani husogea kila mwaka, kwa hiyo angalia kalenda kwanza. Na ukingoja masika, vibarua wengi wamesimamishwa na sauti yao haimo.

Tuseme karatasi 96 zimerudi. Kwenye swali letu, 42 wamechagua "hainihusu". Kati ya 54 waliobaki, 19 wamekubali, sawa na asilimia 35. Kama kile kisanduku kisingekuwepo na watu 32 wa zamu za mchana wangeweka "nakubali", tungepata 51 kati ya 96, yaani asilimia 53, na pengine hakuna ambaye angeshtuka.

Sasa tazama ndani. Jikoni wamekubali 5 kati ya 18. Wahudumu wa mkahawa, 4 kati ya 20. Walinzi na mapokezi kwa pamoja, 10 kati ya 16. Tatizo liko jikoni na mkahawani, lakini bado hujui ni tatizo gani, na hapa ndipo mameneja hukimbilia kununua suluhisho. Wangekodi gari la pili na wasiguse kidonda.

Ndani ya wiki mbili baada ya sanduku kufungwa, bandika matokeo, mabaya yakiwemo. Halafu kaa na watu sita au saba wa idara hizo kwa dakika 45, mkuu wao asiwepo, na usiulize nani aliandika nini. Uliza: "Zamu ikiisha, mnatokaje hapa mpaka nyumbani?" Katika mfano wetu majibu yanakuja haraka. Zamu kwenye ratiba inaisha saa tano usiku, na gari la hoteli linaondoka saa tano na robo. Lakini meza ya mwisho haijaondoka, sufuria hazijaoshwa, na watu wanatoka getini saa sita kasoro dakika ishirini. Anayekaa Kongowea anachukua bodaboda kwa pesa yake. Anayekaa Likoni ana safari ndefu zaidi: avuke daraja la Nyali, akate mjini, kisha apande feri. Gari lipo na huwa linaondoka na viti vitupu.

Walinzi na mapokezi hawakulalamika sana kwa sababu wao hupokezana zamu kwa saa, mwenzako akifika unaondoka.

Suluhisho basi ni kusogeza saa, na gharama ni saa za ziada za dereva. Tangazo likae pale wanapotia sahihi ya kuingia kazini, kwa maneno haya:

Mlisema: gari la usiku linatuacha.
Tumefanya: kuanzia Jumatatu litaondoka saa sita kasoro dakika kumi. Msimamizi wa zamu atahakikisha jikoni na mkahawa wametoka kabla dereva hajawasha gari.
Hatutaweza mwaka huu: gari kumfikisha kila mtu mlangoni. Litafika hadi feri.
Mhusika: meneja wa usafiri.

Mstari wa tatu usiuogope. Watu wanaouona huamini zaidi ule wa pili.

Hoteli ya ukubwa huu ichague mambo mawili au matatu ya namna hii, si kumi. Baada ya miezi mitatu, rudisha swali hilo kwa jikoni na mkahawa kwa maneno yale yale. Ukibadilisha hata neno "salama" kuwa "rahisi", huwezi kulinganisha tena. Mwanzo walikubali 9 kati ya 38. Wakifika 11, usibandike kwamba mambo yamepanda, kwani watu wawili tu ni asilimia tano na wanaweza kuwa wageni waliojiunga juzi. Wakifika 25, bandika. Wakibaki 9, nenda getini saa sita kasoro dakika kumi uangalie gari linaondoka na nani ndani.