Kima cha Siku kwa Anayelipwa kwa Pisi: Kinahesabiwa Jumatano au Jumamosi?

Mshonaji wa kola katika Eneo la Viwanda, Nairobi, analipwa shilingi 4 kwa kila kola. Mkataba wake unaongeza kwamba hata kazi ikipungua, hatapata chini ya shilingi 800 kwa siku. Viwango hivi ni vya mfano tu, lakini swali ninaloletewa ofisini huwa lile lile: hizo 800 zinahesabiwa lini?

Tutazame wiki yake. Jumatatu alishona kola 230, Jumanne 240. Jumatano stima ilipotea, akaishia 130. Alhamisi 220. Ijumaa kitambaa kilichelewa kutoka kwa wakataji, akapata 150, na Jumamosi 210. Jumla ni kola 1,180, yaani shilingi 4,720.

Karani akijumlisha wiki nzima, ataona siku 6 mara 800 ni 4,800, kisha amwongezee shilingi 80 na kufunga daftari. Lakini mkataba ulisema kwa siku. Jumatano alipata 520, kwa hiyo anadai 280 za kujazia. Ijumaa alipata 600, anadai 200. Siku nne zilizobaki zilivuka 800 zenyewe. Malipo yake halali ni 5,200. Shilingi 400 zimeyeyuka kwa sababu jasho la siku nne nzuri limetumika kuziba pengo la stima na la kitambaa, na yote mawili si kosa lake. Ndiyo maana neno "kwa siku" au "kwa wiki" kwenye mkataba lina thamani kuliko bei ya pisi ambayo wengi huibishania.

Kuna ujanja mwingine, nao huanzia kwenye karatasi ya mahudhurio. Siku ya kitambaa kukosa, msimamizi anawaambia watu waende nyumbani saa sita, kisha inaandikwa "nusu siku" au "hakufika". Kujazia kunatoweka bila mtu kugusa hesabu.

Bei yenyewe pia hupimika. Ili kufikisha 800 lazima ashone kola 200. Kwa saa nane, hiyo ni kola moja kila dakika 2 na sekunde 24, bila hata kwenda msalani. Ikiwa mshonaji mzoefu, mashine nzuri na kitambaa kipo, bado anajaziwa karibu kila siku, basi bei ya pisi ndiyo iko chini. Na hizo 800 zenyewe haziruhusiwi kuwa chini ya kima kinachotangazwa katika gazeti rasmi la serikali.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi wa pisi kazi inapokamilika au mwisho wa mwezi, lolote litakalotangulia. Lakini kifungu cha 20, kinachodai hati ya mshahara yenye mchanganuo, kinamwacha nje mfanyakazi wa pisi. Kwa hiyo nunua daftari dogo. Kila jioni andika tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kola zilizokubaliwa, zilizorudishwa, na kilichosimamisha kazi. Mwombe msimamizi atie sahihi. Akikataa, andika pia kwamba amekataa, na uende nalo ofisi ya leba.