Taa nne kuwaka kwa pamoja baada ya kuvuka mafuriko: dhana potofu na ukweli

Gari moja dogo lililetwa gereji kwetu siku tatu baada ya mvua kubwa. Mwenyewe alikuwa amevuka maji yaliyopita usawa wa kizingiti cha mlango, mwendo mfupi tu, na injini haikuzima. Siku mbili za kwanza hakuona tatizo. Siku ya tatu ziliwaka taa nne kwa mpigo: ya ABS, ya kuzuia kuteleza, ya usukani wa umeme na ya eabegi. Mahali alipoanzia aliambiwa kompyuta ya ABS imekufa, ya usukani imekufa, na zote zibadilishwe. Alikuja kwetu akiwa amekata tamaa, na si yeye peke yake: kila baada ya mafuriko watu wananunua vifaa vizima kwa kutojua taa hizi zinasema nini.

Dhana: taa nne maana yake vifaa vinne vimekufa

Taa zikiwaka moja moja kwa nyakati tofauti, huenda kweli kila moja ina ugonjwa wake. Zikiwaka pamoja, tafuta kwanza kitu ambacho zote zinakitegemea.

Chukua sensa ya mwendo wa gurudumu. Inakaa chini kabisa karibu na kitovu cha gurudumu, na ndiyo ya kwanza kuzama. Sensa hiyo moja ikiacha kutuma mwendo, ABS inajizima, kwa sababu haijui gurudumu lipi limekwama. Mfumo wa kuzuia kuteleza nao unajizima, maana unasoma sensa hizo hizo. Kwenye baadhi ya magari usukani wa umeme unawasha taa yake pia, kwa kuwa hupima msaada wake kulingana na kasi. Hapo una taa tatu, na kilichoharibika ni soketi moja yenye pini mbili.

Jambo la pili ni mawasiliano. Kompyuta za gari huzungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Dashibodi isipopata ujumbe kutoka kwa kompyuta ya ABS, inawasha taa ya ABS, hata kama ABS yenyewe ni nzima kabisa. Kwa hiyo taa inaweza kumaanisha tu kwamba kompyuta hiyo haisikiki. Mashine ya kusoma kodi, yaani namba za makosa ambazo kompyuta za gari huhifadhi, inakusaidia kutofautisha. Kodi inayoanza na herufi U inahusu mawasiliano yaliyopotea. Kwenye gari lile tulisoma hizi:

```
U0121
U0131
U0151
```

Ya kwanza inasema ABS haisikiki, ya pili usukani hausikiki, ya tatu eabegi haisikiki. Pamoja nazo kulikuwa na kodi ya volti kuwa chini kwenye boksi la umeme wa bodi. Kompyuta tatu kunyamaza kwa wakati mmoja na volti kushuka, hiyo si dalili ya kompyuta tatu kufa. Ni dalili ya umeme usiofika vizuri mahali fulani.

Tulianza na betri na alteneta. Injini ikiwa inanguruma tulipata volti 14.2 kwenye betri, kiwango kizuri. Kisha tukamuuliza mwenye gari taa huwaka lini hasa. Alifikiri kidogo, akasema: nikiwasha feni ya ndani kwa nguvu kuondoa ukungu kwenye kioo. Jibu hilo lilitusaidia kuliko mashine.

Tuliwasha feni hadi mwisho, tukaweka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye boliti ya ethi iliyo chini ya kapeti, upande wa dereva, karibu na kizingiti. Ethi ni njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi ya gari, na kati ya pointi hizo mbili unatarajia kuona karibu sifuri. Sehemu ya kumi ya volti tayari inatia shaka. Tulisoma volti 3.4. Maana yake ni kwamba kila kifaa kilichofungwa kwenye boliti ile, likiwemo boksi linalopitisha mazungumzo ya kompyuta zote, kilikuwa kinapata volti 10.8 badala ya 14.2. Tulipozima feni, kipimo kikashuka hadi 0.3 na taa zikazima. Ndiyo maana zilikuwa zinakuja na kuondoka.

Hapa mafundi wengi hukosea. Wanapima upinzani wa waya umeme ukiwa umezimwa, wanaona namba ndogo sana, wanasema waya ni mzima. Upinzani uliokuwa kwenye boliti ile ni chini ya omu 0.2, na nyaya za multimita zenyewe zina kiasi kama hicho. Hauonekani. Lakini feni ikivuta ampea 20, upinzani huo mdogo unakula zaidi ya volti tatu. Ethi hupimwa ikiwa kazini, si ikiwa imelala.

Dhana: maji yakikauka, taa zitazima

Hii ndiyo inayoua magari mengi zaidi, kwa sababu mara nyingine taa huzima kweli, mtu akashukuru na kuendelea na safari.

Ukikanyaga kapeti ya gari lililoingiwa na maji unaweza kuiona kavu. Inua kona yake. Chini kuna sponji nene inayozuia kelele, na sponji hiyo hushika maji kwa wiki nyingi. Kwenye gari lile, ukiiminya kwa vidole maji ya udongo yalitoka, ilhali juu palikuwa pakavu. Boliti yetu ya ethi ilikuwa imelala ndani ya sponji hiyo, imezungukwa na unga wa kijani na mweupe, na waya wake umegeuka mweusi kuanzia kwenye kishikizo.

Maji pia husafiri ndani ya waya wenyewe. Yakiingia kwenye ncha, hupanda katikati ya nyuzi za shaba, chini ya ganda la plastiki, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Unaweza kukata ganda sentimita nyingi kutoka kwenye soketi na bado ukakuta shaba nyeusi.

Na kuna umeme wenyewe. Maji ya mafuriko yana chumvi na uchafu, kwa hiyo yanapitisha umeme. Pini yenye chanya ya betri ikiwa jirani na pini ya ethi ndani ya soketi iliyolowa, mkondo mdogo unapita kati yao usiku na mchana, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, kwa sababu nyaya nyingine hupokea umeme wa betri muda wote. Mkondo huo unaila pini ya chanya polepole hadi inakatika. Ndiyo sababu gari lililotoka salama siku ya kwanza linawasha taa siku ya tatu, au mwezi wa pili.

Kwa hiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote ni ya mapema: ukifika mahali salama na kujua maji yaliingia ndani, ondoa waya wa hasi wa betri siku hiyo hiyo. Halafu kapeti na sponji vitoke nje vikaushwe, soketi za chini zifunguliwe moja moja, zisafishwe kwa spreyi ya umeme na kukaguliwa. Soketi zilizopita kwenye maji ya chumvi ya bahari zioshwe kwanza kwa maji safi kabla ya kukaushwa. Pini iliyokuwa ya kijani ikabaki na mashimo haitibiki kwa spreyi, inabadilishwa.

Kama gari ni la haibridi au la umeme, usiguse nyaya za rangi ya machungwa. Hizo ni za volti zinazoua, na kazi hiyo ni ya fundi aliyefundishwa.

Dhana: fyuzi zote ni nzima, basi umeme hauna tatizo

Fyuzi hukatika mkondo unapozidi. Maji kwenye soketi hupitisha mkondo mdogo usioifikia fyuzi, na ethi iliyooza inapunguza mkondo badala ya kuuongeza. Matatizo yote mawili yanapita bila fyuzi kujua. Ukague fyuzi, lakini usimalizie hapo.

Dhana: injini haikuzima, kwa hiyo maji hayakuingia popote

Injini huvuta hewa kutoka juu. Sensa, alteneta kwenye magari mengi, na nyaya za chini ya viti viko chini zaidi ya tundu hilo la hewa. Zaidi ya hayo, vitu vilivyopata moto vikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake husinyaa na kuvuta maji kupitia mpira wa kuzibia, hata soketi ambayo ingehimili mvua miaka mingi.

Dhana: futa kodi, taa zikizima mambo yamekwisha

Kufuta kodi kabla ya kuziandika ni kupoteza ushahidi. Kompyuta nyingi huhifadhi hali ilivyokuwa kosa lilipotokea: kasi, volti, joto. Ukichomoa betri ili kuzima taa, unaweza kufuta hayo pia. Soma kodi zote za kompyuta zote, ziandike, ndipo ufute uone zipi zinarudi na zinarudi wakati gani. Kama umeondoa betri kuokoa pini, sawa, umefanya jambo sahihi. Kosa likiwepo bado litarudi.

Lakini kuna taa zisizosubiri uchunguzi. Taa nyekundu ya breki, ya mafuta ya injini au ya betri ikiwaka unapoendesha, tafuta mahali pa kusimama. Ya betri inamaanisha alteneta haichaji: huenda mkanda unateleza, au mchanga umeingia kwenye brashi. Betri ikishuka, kompyuta zinaanza kunyamaza moja baada ya nyingine, na unaona taa zikiongezeka huku usukani ukizidi kuwa mzito.

Gari letu halikuhitaji kompyuta hata moja. Tulikata waya wa ethi hadi tukafika shaba inayong'aa, tukafunga kishikizo kipya, tukasugua bodi hadi bati safi, tukakaza na kupaka grisi ya kuzuia kutu. Feni ikiwa mwisho, kipimo kilisoma volti 0.04. Taa zote nne zikazima.

Wiki tano baadaye ya eabegi ilirudi, peke yake, na kodi yake haikuwa ya U. Ilikuwa soketi ya njano chini ya kiti cha abiria, ambayo siku ya kwanza tuliikagua kwa nje tu. Soketi hizo hazipimwi kwa multimita ya kawaida, kwa sababu mkondo wake unaweza kufyatua mfuko. Tuliondoa betri, tukasubiri dakika ambazo mtengenezaji ameziandika, ndipo tukaifungua. Pini mbili kati ya nne zilikuwa za kijani.