Je, wajua kwa nini Uganda iliukabidhi umeme wake kwa mkataba wa miaka 20?

"Kwa nini serikali yetu ilianza kuendesha huduma za wananchi kama kampuni za watu binafsi, na hao wanaoilaumu wanasema palipoharibika ni wapi?" Ni swali la mchomeleaji vyuma wa Walukuba, Jinja.

Ndugu yangu, wewe unaishi karibu kabisa na jibu. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa hapo Jinja mwaka 1954. Kwa zaidi ya miaka 40 shirika moja la serikali, UEB, ndilo lililozalisha umeme huo, likausafirisha, likauuza na kukusanya pesa. Kufikia miaka ya 1990 shirika hilo lilikuwa limechoka. Nyaya zilikuwa kuukuu, watu walijivutia umeme usiku, na miongoni mwa wadaiwa sugu zilikuwamo taasisi za serikali yenyewe. Meneja wa shirika la umma angewezaje kuikatia umeme kambi ya jeshi au wizara ambayo bosi wake anaiheshimu? Hakuweza. Na kwa kuwa hasara ilifidiwa na hazina, hakuna aliyepoteza kazi kwa sababu ya hasara hiyo.

Ugonjwa huo haukuwa wa umeme peke yake. Mwaka 1990 serikali ilikuwa na watumishi wapatao 320,000, na mishahara ya wengi wao haikuwafikisha hata katikati ya mwezi. Mwalimu alilima na muuguzi aliuza dawa, maana wasingeishi vinginevyo. Wakati huohuo Uingereza na New Zealand zilikuwa zimeanza njia nyingine tangu miaka ya 1980: punguza watumishi, gawa idara kubwa ziwe taasisi ndogo zenye malengo yanayopimika, andikiana mikataba na anayetoa huduma, na mhesabu mwananchi kama mteja. Msomi Christopher Hood ndiye aliyeipa njia hiyo jina mwaka 1991, nasi kwa Kiswahili tunaweza kuiita usimamizi mpya wa umma. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa waliibeba pamoja na mikopo yao, na Uganda, iliyotoka vitani na hazina tupu, haikuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Lakini tuseme kweli: wapo viongozi wa Kampala walioiamini kwa moyo. Mamlaka ya mapato ilitenganishwa na wizara mwaka 1991, wizara zikapunguzwa kutoka 38 hadi 21, na ndani ya miaka michache karibu nusu ya watumishi wakawa wameondolewa.

Zamu ya umeme ilifika na sheria ya mwaka 1999. UEB ilipasuliwa vipande vitatu mwaka 2001: kampuni ya kuzalisha, ya kusafirisha na ya kusambaza, zote mali ya serikali. Juu yao akawekwa mdhibiti, ERA, anayepanga bei. Kisha uendeshaji ukakodishwa. Mwaka 2003 mabwawa ya Jinja yalipewa Eskom ya Afrika Kusini kwa miaka 20, na Machi 2005 usambazaji ukapewa Umeme, kampuni ya wawekezaji, nayo kwa miaka 20. Nguzo na nyaya zilibaki mali ya serikali. Aliyezitunza, aliyesoma mita na kupokea pesa alikuwa mwekezaji.

Sasa tazama jinsi mtego wa faida ulivyotegwa, maana hapa ndipo ubishi wote ulipozaliwa. Umeme ilipoanza kazi, katika kila yuniti 100 ilizonunua, karibu 38 zilipotea njiani, nyingine kwa uchakavu wa nyaya na nyingine kwa wizi. Chukua bei ya mfano tu: kila yuniti inunuliwe kwa shilingi 300, yaani 100 kwa shilingi 30,000. Ikiwa zinazouzwa ni 62, kila moja lazima ibebe karibu shilingi 484 ili pesa ya ununuzi irudi. Upotevu ukishuka hadi 17, yuniti 83 zinabeba mzigo uleule na kila moja inahitaji shilingi 361 tu. Kwa hiyo mwizi wa umeme wa mtaani kwako alikuwa anakula mfukoni mwako, si mfukoni mwa serikali.

Mdhibiti huweka lengo la upotevu. Tuseme ameweka 20. Bei itapangwa kana kwamba yuniti 80 zinauzwa, yaani shilingi 375 kila moja. Kampuni ikifanikiwa kuuza 83, inapata shilingi 31,125 na ziada ya 1,125 ni yake. Ikizembea na kuuza 75 tu, inapata 28,125, na pengo la 1,875 inalibeba yenyewe. UEB haikuwahi kuwa na kichocheo kama hicho, na tukiacha chuki kando, kilifanya kazi. Katika miaka hiyo 20 upotevu ulishuka kutoka karibu asilimia 38 hadi karibu 17. Wateja waliongezeka kutoka takriban laki tatu hadi zaidi ya milioni mbili. Mita za Yaka, ambazo unalipa kwanza ndipo taa inawaka, zilipunguza sana ule mchezo wa kudaiwa miezi na miezi.

Basi malalamiko yalitoka wapi?

La kwanza limo ndani ya hesabu hiyohiyo. Faida ya kampuni inategemea lengo limewekwa wapi, na lengo hilo linapangwa mezani. Ukame ulipolipiga Ziwa Viktoria katikati ya miaka ya 2000, mabwawa yalikosa maji, majenereta ya dizeli yakaletwa na mkataba ukarekebishwa mwaka 2006. Wakosoaji walisema malengo ya miaka ya mwanzo yalikuwa mepesi mno, na kwamba raia alilipia upotevu ambao kampuni ingeweza kuupunguza mapema zaidi. Mimi naona hoja hii ina uzito kuliko zote. Serikali iliyoajiri mwekezaji kwa sababu haikuwa na wataalamu ilitakiwa kuwa na wataalamu wa kutosha kuketi mbele yake na kumkatalia. Uwezo uliokosekana wa kuendesha umeme ndio uleule ulioachwa bila kujengwa kwa ajili ya kuusimamia mkataba.

La pili ni faida ya uwekezaji. Mkataba uliiruhusu Umeme kupata asilimia 20 kwa mwaka juu ya mtaji iliouingiza ambao haujarudi, na mtaji huo ulihesabiwa kwa dola. Dola 100 za nguzo na transfoma zilidai dola 20 kwa mwaka kutoka kwenye bei ya umeme, juu ya mtaji wenyewe. Shilingi ikianguka, anayenunua Yaka Walukuba ndiye anayelifidia anguko hilo. Mpangilio wa namna hii humfanya mwekezaji apende kutumia pesa nyingi, kwa hiyo ni lazima awepo mtu wa kwenda kuhesabu nguzo moja baada ya nyingine na kuuliza kama bei yake ni halali. Kamati ya Bunge iliyochunguza sekta ya umeme iliusoma mkataba huo kwa hasira na kupendekeza uvunjwe. Haukuvunjwa, kwa kuwa gharama ya kuuvunja nayo iliandikwa humohumo.

La tatu linaniuma zaidi, na halina hesabu nyingi. Mteja ni mtu mwenye mita. Mama wa kijiji kisicho na nguzo hata moja si mteja wa mtu yeyote, kwa hiyo hayumo katika lengo la upotevu wala la makusanyo. Kampuni inaweza kufaulu mitihani yake yote naye akaendelea kuwasha tadooba, yaani kibatari cha mafuta ya taa. Serikali iliona pengo hilo na kuanzisha wakala wa umeme vijijini uliojenga laini kwa pesa za umma, kisha nyingi zikakodishwa kwa kampuni ndogo na vyama vya ushirika. Maeneo yenye wanunuzi wengi na viwanda yalibaki kwa mwekezaji mkubwa, yale yenye hasara yakabaki kwa hazina. Wakala huo nao ulirudishwa wizarani mwaka 2021.

Kisha kuna suala la nani anajibu. Karakana yako ikizimika saa nne asubuhi, kosa linaweza kuwa la bwawa, la laini kubwa, la nyaya za mtaa, au la bei aliyoikataa mdhibiti. Enzi za UEB ulijua wa kumlaumu. Baada ya mgawanyo, kila ofisi ilikuwa na karatasi inayoonyesha kwamba yenyewe imetimiza wajibu wake.

Wanaotetea njia hii huuliza: mngependa turudi kwenye UEB? Lakini tuna mfano mwingine nyumbani, shirika la maji, NWSC. Kampala ilijaribu waendeshaji wa kigeni mara mbili: Gauff ya Ujerumani hadi 2001, kisha kampuni ya Ondeo ya Ufaransa kati ya 2002 na 2004. Mikataba yote miwili iliisha bila kuongezwa. Wakati huohuo, chini ya mkurugenzi William Muhairwe aliyeingia mwaka 1998, shirika lilianzisha mpango wa siku 100, kisha makao makuu yakaandikiana mikataba na mameneja wa miji yake yenyewe. Jinja ilipewa malengo ya maji yasiyolipiwa, ya makusanyo na ya miunganisho mipya, na malipo ya ziada kwa wafanyakazi yakategemea matokeo hayo. Vipimo vilikuwa vya sekta binafsi, lakini faida ilibaki ndani na shirika lililokuwa likielekea kuzama likasimama. Kipimo na mwenye mali ni vitu viwili tofauti, na katika umeme vilinunuliwa pamoja kama kifurushi.

Mabwawa ya Jinja yalirudi serikalini Machi 2023. Usambazaji ulirudi tarehe 1 Aprili 2025 chini ya UEDCL, ileile kampuni ya serikali iliyokuwa imekodisha nyaya. Serikali iliilipa Umeme dola milioni 118 za mtaji uliokuwa bado haujarudi, kampuni ikasema inadai zaidi ya hapo, na shauri likapelekwa kwa wasuluhishi London. Bei ya yuniti ya nyumbani ilishuka kidogo, kutoka shilingi 775.7 hadi 756.2, kwa sababu ile asilimia 20 ya mwekezaji iliondoka kwenye hesabu. Yaka zimebaki, lengo la upotevu limebaki, na ERA bado anapanga bei. Tofauti ni kwamba UEDCL ikiuza 75 badala ya 80, lile pengo la 1,875 halina tena mwekezaji wa kulibeba.