Wiki, siku na saa: mpangilio wa kusoma chati ya bitkoini

Chati nyingi za sarafu za kidijitali hufuata saa za UTC, ambazo Nairobi imezitangulia kwa saa tatu. Hapa kwetu, basi, mshumaa wa siku, yaani alama inayoonyesha mwendo wa bei kwa siku nzima, rangi yake ikisema kama ilipanda au ilishuka, hufungwa saa tisa usiku, na wa wiki hufungwa saa hiyo hiyo usiku wa kuamkia Jumatatu. Ukiutazama wa wiki Ijumaa jioni unaona kitu ambacho bado kinaweza kugeuka rangi. Soma ule uliokwisha kufungwa.

Chukua mwanzo wa 2024. Chati ya wiki ilionyesha mabonde yanayopanda, yaani kila bei iliposhuka iligeukia juu zaidi ya pale ilipogeukia awali, tangu Novemba 2022, bei ilipokuwa karibu dola 15,500. Wiki ilijibu swali moja tu: tunatafuta kununua. Haikusema lini.

Jibu la "lini" lilianzia kwenye chati ya siku, na mwezi huo siku ilikuwa ikipinga. Marekani iliidhinisha mifuko ya bitkoini ya soko la hisa tarehe 10 Januari. Kesho yake bei ikagusa karibu 49,000, kisha ikaporomoka hadi takriban 38,500 tarehe 23. Katika mporomoko kama huo, chati ya saa haikosi vijikwezo vinavyomvuta mnunuzi, na hapo ndipo wengi huumia: wiki inawaunga mkono, saa inawaita, lakini siku bado inashuka. Wiki na saa zikikubaliana huku siku ikikataa, subiri.

Siku iligeuka polepole. Bei ilipanda hadi karibu 43,800 tarehe 30 Januari, ikarudi hadi 41,900 hivi, bonde la juu kuliko lile la 38,500, kisha tarehe 7 Februari mshumaa ukafungwa juu ya kile kilele cha 43,800. Kupenya katikati ya mchana hakutoshi. Bei hupenya ikarudi kabla ya saa tisa usiku.

Kuanzia hapo ndipo saa inapata kazi. Ngoja bei irudi nyuma kidogo, iache kushuka, kisha mshumaa wa saa ufungwe juu ya kilele chake kidogo cha mwisho. Wakati mwingine hairudi. Safari hii ilifika 47,000 ndani ya siku mbili, na msubirifu angeweza kuachwa. Kuachwa hakupunguzi mtaji.

Kikomo cha hasara, yaani bei ambayo ikifikiwa unauziwa ili usipoteze zaidi, hupangwa kwa chati ya siku, si ya saa. Tuseme umeingia 44,400: kikomo chini ya 41,900, tuseme 41,800, kiko umbali wa karibu asilimia 5.9. Mwenye shilingi 50,000 aliyeamua kutopoteza zaidi ya 500 ataweka takriban 8,500, bila mkopo wa jukwaa. Akikisogeza kikomo hadi 43,400 ili aweke kama 22,000, hesabu ya hasara ni ile ile, ila sasa mtikisiko wa kawaida wa mchana mmoja unatosha kumtoa, hata kama siku haijabadilika. Bei ikishuka ghafla, kikomo chenyewe kinaweza kutekelezwa chini ya pale alipokiweka, na hasara ikazidi zile 500.