Nani yuko juu kabisa? Dhana potofu kuhusu mdhibiti wa mwisho wa kampuni

Dhana: Ukiijua kampuni mama, umemjua mwenye kampuni.

Kampuni mama inaweza kuwa ngazi moja tu, na juu yake zikawepo nyingine tatu. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IAS 24, aya ya 13, kinaitaka kampuni itaje kampuni mama yake na, kama ni mwingine, mdhibiti wa mwisho pia, yaani mtu au kampuni iliyo juu kabisa yenye uamuzi, hata kama mwaka mzima hawakufanya biashara yoyote baina yao. Wapenzi wa soka wana mfano mzuri: Chelsea katika miaka ya mwisho ya umiliki wa Roman Abramovich. Klabu yenyewe, Chelsea Football Club Limited, ilikuwa chini ya Chelsea FC Holdings Limited, nayo ikawa chini ya Fordstam Limited. Aliyeishia kwenye kampuni mama ya kwanza alipata jina linalofanana na la klabu, na hakuwa amejua lolote jipya. Juu ya Fordstam hapakuwa na kampuni iliyotajwa kama mdhibiti wa mwisho, bali mtu: Abramovich mwenyewe.

Dhana: Nimetafuta neno la mdhibiti kwenye PDF ya hesabu, halimo, basi hawakuandika.

Hili huwapoteza wengi. Hesabu za kampuni za Uingereza hupatikana bure kwenye tovuti ya Companies House, msajili wa kampuni wa huko, lakini nyingi ni picha za kurasa zilizoskaniwa, kwa hiyo kompyuta haioni herufi hata moja. Fungua `Filing history`, chagua `Accounts`, kisha anza kusoma kutoka nyuma. Maelezo yanayomtaja mdhibiti wa mwisho kwa kawaida hukaa mwishoni kabisa, baada ya miamala na wahusika wenye uhusiano na matukio ya baada ya mwaka kufungwa. Kichwa chake hubadilika: `Ultimate controlling party`, `Controlling party`, au `Ultimate parent undertaking`. Ila kampuni ndogo sana huruhusiwa kutoa maelezo machache, na hapo huenda usiyakute kweli.

Dhana: Ukishapata jina, kazi imekwisha.

Kwangu mimi, sentensi inayofuata jina ndiyo yenye thamani zaidi. Hapo kampuni hutaja ni kundi gani linaloandaa hesabu jumuishi, yaani za kampuni zote za kundi kwa pamoja, zinazoiingiza kampuni hii, na zinapatikana wapi. IAS 24 inaongeza kwamba kama kampuni mama na mdhibiti wa mwisho wote hawatoi hesabu jumuishi kwa umma, itajwe kampuni ya juu inayofuata ambayo inatoa.

Turudi Chelsea. Mikopo mikubwa ya mwenye klabu ilikuwa kwa Fordstam. Msomaji aliyeishia kwenye hesabu za klabu peke yake angeona picha nyepesi kuliko hali halisi. Aliyefuata jina la Fordstam hadi kwenye hesabu jumuishi aliukuta mkopo uliokuwa umepita pauni bilioni 1.5 kufikia 2022, klabu ilipouzwa.

Dhana: Mdhibiti ni yeyote aliyemo kwenye rejesta ya wenye ushawishi.

Rejesta ya Uingereza iliyoanza 2016, ile ya `Persons with significant control`, huanza kumwandika mtu akishavuka asilimia 25 ya hisa au kura. Huo ni mstari tofauti kabisa na udhibiti. Chukua kampuni yenye ndugu watatu, kila mmoja na theluthi moja. Wote watatu wataonekana kwenye rejesta, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kuamua peke yake, na kama hawana makubaliano ya kupiga kura pamoja, maelezo ya hesabu yatasema hakuna mdhibiti wa mwisho. Kauli hiyo pekee si dalili ya kuficha. Uamuzi huo ni wa wakurugenzi, hata hivyo, kwa hiyo linganisha rejesta na maelezo. Vikipishana, tafuta makubaliano ya wanahisa au familia moja yenye majina tofauti.

Dhana: Jina la mwaka jana linatosha.

Tanzania Breweries, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ilikuwa kwa miaka mingi chini ya SABMiller plc ya London. Oktoba 2016 AB InBev ya Ubelgiji iliinunua SABMiller nzima. Mabadiliko hayo yalitokea juu, mbali na soko la Dar es Salaam, na bado aliyedhibiti mnyororo mzima akawa mwingine. Kwa hiyo tazama tarehe mbili: siku mwaka wa hesabu ulipofungwa na siku wakurugenzi waliposaini. Mauzo ya kampuni yakitokea kati ya tarehe hizo, jina la zamani hubaki kwenye maelezo ya udhibiti, na la mnunuzi hutajwa kwenye matukio ya baada ya mwaka kufungwa. Yakitokea baada ya saini, hutaliona popote hadi hesabu zijazo.