Asimptoti mshazari: usiishie kwenye mteremko

“Gawanya vipeo vikubwa tu: 2x² kwa x ni 2x, basi asimptoti ni y = 2x.”

Ujumbe huu wa magrupu ya wanafunzi ni nusu ya kazi. Chukua f(x) = (2x² + 3x + 1)/(x − 1). Kikomo cha f(x)/x, x ikikua bila mwisho, ni 2: huo ni mteremko. Sasa toa: f(x) − 2x = (5x + 1)/(x − 1), ambayo inakaribia 5. Asimptoti ni y = 2x + 5.

Hakiki kwa x = 101: f ni 207.06, mstari sahihi unatoa 207, ule wa ujumbe 202. Watu huchanganyikiwa kwa sababu uwiano wa f kwa 2x hukaribia 1, ilhali pengo la 5 linabaki palepale. Tafadhali, usiusambaze tena.