Fomu 140, kiwanja kimoja: kurudisha matokeo ya mauzo kwenye Google Ads

Mteja wangu mmoja anauza viwanja vilivyopimwa hapa Bagamoyo, upande wa Kiromo na Zinga. Aliponiita ofisini kwake, bosi na maafisa mauzo walikuwa hawaelewani. Bosi alikuwa na ripoti ya matangazo mkononi: kwa mwezi mmoja fomu 140 zimejazwa kwenye tovuti, kila moja kwa wastani wa shilingi 9,000. Kwake hiyo ni kazi nzuri, hivyo tatizo ni wauzaji. Afisa mauzo mkubwa akanigeukia: "Kaka, hawa watu wenu wa mtandaoni hawanunui. Nampigia mtu, ananiuliza kama tuna chumba cha kupanga."

Niliomba daftari lao la simu, tukakaa siku nzima tukipitia majina yote 140, mmoja baada ya mwingine. Namba zisizopatikana au za uongo zilikuwa 38. Waliotaka chumba, kazi, au kiwanja cha bei ambayo Bagamoyo haipo walikuwa 52. Waliozungumza kama wanunuzi hasa, wenye fedha au mpango wa kulipa kwa awamu, walikuwa 19. Kati ya hao, 6 walikwenda saiti na mmoja akalipa. Waliobaki 31 hawakupigiwa simu kabisa.

Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na hoja. Fomu zilikuwa mbovu kweli, na sababu yake ilikuwa kwenye mpangilio wa kampeni: Google ilikuwa imeambiwa kwamba ushindi ni fomu kujazwa, basi. Mfumo wa zabuni, yaani ule unaoamua tangazo aonyeshwe nani na kwa bei gani, unatafuta watu wanaofanana na waliokwisha kukupa ushindi, na wajazaji wa fomu wa bei rahisi kabisa ni wale wanaojaza kila fomu wanayoiona. Kila siku ulizidi kuwa hodari wa kuwapata. Habari kwamba mtu fulani alitaka chumba cha kupanga iliishia kwenye daftari la karatasi, haikurudi kule iliko zabuni. Dawa ni kuirudisha, lakini wale 31 wanatakiwa kushughulikiwa kwanza.

Nieleze kwa nini. Ukiingiza matokeo ya mauzo, fomu ambayo haikuletewa tokeo lolote huhesabika kama mbofyo usio na faida. Google haiwezi kutofautisha mtu asiyefaa na mtu ambaye hakuna aliyempigia. Nilipoangalia saa za wale 31, wengi walijaza Jumamosi mchana na Jumapili, wakati maafisa wote wako saiti na wateja, na wengine usiku wa manane, yaani Watanzania walioko nje ya nchi, ambako saa zinatofautiana na zetu. Tungeingiza data ile kama ilivyo, tungeufundisha mfumo kwamba watu wa mwisho wa wiki na wa ughaibuni hawana maana, wakati hapa ofisini hao wa nje ndio wanaolipa taslimu mara nyingi kuliko wengine. Uzembe wa ratiba ungegeuka kuwa sheria ya matangazo.

Tukaweka utaratibu. Afisa mmoja habanduki kwenye simu Jumamosi na Jumapili, na kila jina linapata hali moja kati ya nne: hajapigiwa, hapatikani baada ya simu tatu za siku tofauti, hafai, mnunuzi wa kweli. Sikugusa matangazo kwa mwezi mzima. Kwa matangazo yale yale na fomu karibu idadi ile ile, wanunuzi wa kweli walitoka 19 wakawa 26. Nilitaka niione hiyo tofauti peke yake, ili baadaye nisiipe Google sifa ya kazi iliyofanywa na simu.

Ndipo tukaja kwenye kuingiza matokeo yenyewe. Mtu akibofya tangazo, na kama auto-tagging imewashwa, Google hubandika kwenye anwani ya ukurasa alama ndefu iitwayo `gclid`. Alama hiyo ndiyo kitambulisho cha mbofyo ule mmoja. Ukiihifadhi pamoja na jina la mteja, wiki tatu baadaye unaweza kuiambia Google: mbofyo huu ulizaa mnunuzi. Kwa hiyo fomu inahitaji kisanduku kisichoonekana cha kuipokea. Mteja anaweza kuingia ukurasa mmoja na kujaza fomu kwenye ukurasa mwingine, hivyo tunaitunza kwenye kivinjari chake:

```html
<input type="hidden" name="gclid" id="gclid">
<script>
var g = new URLSearchParams(location.search).get('gclid');
if (g) localStorage.setItem('gclid', g);
document.getElementById('gclid').value =
  localStorage.getItem('gclid') || '';
</script>
```

Msimbo wa kuhifadhi uwepo kwenye kila ukurasa ambao tangazo linaweza kumfikisha mtu, hata kama fomu haipo hapo. Kisanduku na sehemu inayoanza na `document` vibaki kwenye ukurasa wa fomu tu. Kuujaribu ni rahisi: fungua tovuti ukiongeza `?gclid=Jaribio123` mwisho wa anwani, jaza fomu, kisha uangalie kama neno hilo limefika kwenye orodha yako likiwa na herufi kubwa na ndogo zile zile. Kwetu halikufika. Tovuti ilikuwa ikimhamisha mgeni kutoka anwani isiyo na `www` kwenda yenye `www`, na njiani inaangusha kila kilicho baada ya alama ya kuuliza. Tungeweza kukaa miezi tukisubiri data ambayo haikuwahi kuingia.

Swali lililotuchukua muda zaidi ni tokeo lipi lirudishwe. Bosi alitaka mauzo. Ni jambo la kueleweka, lakini mauzo mawili matatu kwa mwezi hayatoshi kumfundisha yeyote kitu. Tena Google haipokei tokeo la mbofyo uliopita siku 90, na viwanja vyetu vina watu wanaobofya mwezi wa nane na kulipa Desemba wakija likizo. Waliokwenda saiti nao ni wachache. Nilichagua hatua ya "Mnunuzi wa kweli": hutokea ndani ya siku chache, idadi yake inakaribia thelathini kwa mwezi, na inahukumiwa na mtu aliyezungumza na mteja. Kiwango chake tuliandika ukutani ili kila afisa ahukumu sawa: ametaja bajeti inayofikia bei yetu ya chini, anajua kiwanja kiko Bagamoyo, na ametaja lini anataka kwenda saiti. Likikosekana moja, hajafika. Saiti na malipo tunaviingiza pia, lakini vimewekwa kama Secondary, kwa kutazama tu, visiongoze zabuni.

Thamani tuliihesabu kwa vitabu vyao. Katika waliokwenda saiti miezi iliyotangulia, mmoja kati ya watano alinunua, na faida ya kiwanja ni kama shilingi 1,500,000. Ziara moja basi ina thamani ya 300,000. Kwa kuwa mmoja kati ya wanunuzi wa kweli watatu hufika saiti, mnunuzi wa kweli ana thamani ya 100,000. Hiyo ndiyo dari, na bosi alijua kwa mara ya kwanza ni kiasi gani akilipa anakula hasara.

Faili lenyewe ni hili:

```
Parameters:TimeZone=Africa/Dar_es_Salaam
Google Click ID,Conversion Name,Conversion Time,Conversion Value,Conversion Currency
(gclid),Mnunuzi wa kweli,2025-03-14 10:20:00,100000,TZS
```

Jina la tokeo lifanane herufi kwa herufi na ulilolisajili kwenye akaunti. Kwenye kuhesabu chagua One, mteja asihesabiwe mara mbili. Faili unaweza kulipandisha kwa mkono, au kuiunganisha Google Sheets ikasomwa yenyewe kila siku. Humo hakuna jina wala namba ya simu ya mtu, na kwangu hilo ni jambo kubwa tangu tuwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mara ya kwanza nilipopandisha, mistari 7 kati ya 22 ilikataliwa, sababu ikiwa kwamba tokeo limetangulia mbofyo. Nilikagua saa za eneo, zilikuwa sawa. Nikafungua mstari mmoja: mbofyo saa 09:48 asubuhi, tokeo 04:20 siku hiyo hiyo. Nikamwita afisa aliyeuandika. "Si saa nne na dakika ishirini asubuhi, kaka? Nilimpigia muda ule ule." Alikuwa ameandika saa kama tunavyoisema. Saa nne yetu ni 10:00 ya kompyuta. Kibaya zaidi ni mistari iliyokubaliwa: mteja aliyebofya jana na kupigiwa leo saa nne anapita bila kelele, akiwa na saa ya uongo. Tukaondoa kuandika kwa mkono. Sasa afisa akichagua hali, orodha inagonga saa yenyewe.

Kosa jingine lilikuwa langu. Siku ile ile faili lilipokubaliwa nikaifanya "Mnunuzi wa kweli" kuwa Primary na kuishusha fomu. Mfumo ukajikuta una matokeo 15 tu ya kusimamia, matangazo yakakauka karibu wiki nzima, simu zikawa kimya na bosi akanipigia mimi. Nilirudisha fomu, nikaacha matokeo yaingie kila siku kwa wiki tano, kisha nikabadili. Mara ya pili matangazo hayakutetereka.

Kitu kimoja zaidi kitakachokusumbua kwenye ripoti: tokeo huandikwa siku ya mbofyo, si siku simu ilipopigwa. Siku tano sita za mwisho zitaonekana mbovu daima, kwa sababu watu wake bado wanapigiwa. Usikate bajeti kwa kuzitazama hizo.

Mwezi wa pili baada ya kubadili, kwa bajeti ile ile ya 1,260,000, fomu zilishuka hadi 84. Kila moja ikapanda kufika 15,000, na bosi alishtuka alipoiona namba hiyo ya kwanza. Wanunuzi wa kweli walikuwa 33. Mmoja alikuwa akigharimu kama 66,000 tulipoanza, karibu 48,000 baada ya kupanga simu, na sasa 38,000. Waliokwenda saiti walikuwa 11, waliolipa 3.

Bado kuna pengo. Wengi hawajazi fomu. Wanabonyeza kitufe cha WhatsApp, na kule `gclid` haifiki. Kwa sasa kitufe kinafungua ujumbe ulioandikwa tayari wenye namba fupi mwishoni, na namba hiyo tumeihifadhi upande wetu pamoja na `gclid`. Wengine huifuta kabla ya kutuma, wakidhani ni takataka. Wiki hii nimeibadilisha isomeke "Kumbukumbu: KR-417", na maafisa wameanza kuwauliza wateja namba ya kumbukumbu kabla ya kuwatajia bei.